Nimeuziwa "merino" inayonuka, na nikaambiwa tatizo ni kwapa langu

Naanza na hili maana limenikaa kooni. Mtu akikuuzia nguo, ukarudi kumwambia kwa adabu kwamba nguo inanuka, hana haki ya kukujibu kwamba anayenuka ni wewe. Mimi ndivyo nilivyojibiwa na muuzaji mmoja wa mtandaoni hapa Dar, kanitumia sauti ya watsap huku anacheka, "dada angu merino hainuki, dunia nzima inajua, inaua bakteria, labda ungeanza na deodoranti nzuri kwanza." Nimeisikiliza ile sauti mara nyingi kuliko inavyostahili na kila nikiisikiliza napandwa na hasira upya.

Kilichomponza ni kwamba merino, ile sufu laini ya kondoo, mimi naijua. Dada yangu anaishi Norwei, kule watu wanavaa sufu ndani kama sisi tunavyovaa singlendi, aliniletea tisheti moja nyembamba ya merino miaka ya nyuma. Kazi yangu ni mauzo, nazunguka maduka ya dawa Kariakoo, Ilala, Magomeni, mchana jua la utosi, jioni nimebanwa kwenye mwendokasi mkono juu nimeshika bomba na kwapa liko usawa wa pua ya mtu. Ile tisheti niliivaa siku kadhaa bila kuifua, usiku naitundika tu chini ya feni, na hakuna kitu. Yaani unaweka pua pale pale kwapani unakuta harufu ya mbali kidogo kama ya nywele, basi. Niliivaa mpaka ikatoboka mabegani kwa mkanda wa begi. Kwa hiyo nilipoona huyu anauza "merino asilimia mia" kwa elfu tisini sikusita, na ile yake kabla ya saa nane mchana nilikuwa nasikia uvundo wangu mwenyewe dukani kwa mteja.

Sasa tuelewane kuhusu harufu, maana hapa ndipo wauzaji wanapotudanganyia. Jasho likitoka mwilini lenyewe halinuki. Kinachonuka ni kazi ya bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kwapa, wanakula vile vitu vya mafuta na protini vinavyotoka na jasho la kwapani, wanaacha asidi na vitu vya jamii ya salfa ambavyo pua ya binadamu inavinasa hata vikiwa kidogo sana. Kwa hiyo swali kuhusu nguo ni moja tu, ile harufu ikishatengenezwa inakwenda wapi?

Poliesta ni ndugu wa plastiki, maji haiyanywi karibu kabisa ila mafuta inayapenda. Mafuta ya mwili yanashika kwenye nyuzi, jasho linabaki linaelea juu juu, bakteria wanapata chakula na unyevu kwa pamoja, na harufu inayotengenezwa haina pa kujificha, inaruka moja kwa moja hewani. Ukifua kwa maji ya baridi na sabuni ya unga yale mafuta hayatoki yote. Ndiyo maana kuna zile jezi unazifua zinanukia vizuri kwenye kamba, ukipiga pasi tu au ukianza kupata joto mwilini harufu ya wiki iliyopita inaamka. Aliyewahi kuvaa jezi ya mtumba anajua nachosema.

Sufu ni kitu kingine. Ni nywele, ni protini, ngozi yake ya nje ina mafuta yanayofukuza matone ya maji lakini ndani inanyonya mvuke, inaweza kubeba mpaka karibu theluthi ya uzito wake na bado ukiishika hujisikii umeshika kitu kimelowa. Kwa hiyo pale kwapani panakuwa pakavu zaidi. Halafu kubwa zaidi, zile asidi na vitu vya salfa vinaingia ndani ya unyuzi na kushikwa mle mle, kwa sababu protini ya sufu ina sehemu zinazoshikana na asidi na nyingine zinazoshikana na vitu vya aina tofauti. Harufu imefungiwa ndani haikufikii puani, na ukija kuifua sehemu kubwa inatoka na maji.

Na kuhusu "inaua bakteria", hapana. Kuna mtafiti anaitwa Rachel McQueen, yeye na wenzake Nyuzilandi walichapisha mwaka 2007 utafiti ambao watu walivaa vitambaa kwapani, kisha wanusaji wakavinusa. Poliesta ilinuka zaidi, sufu ilinuka kidogo kuliko zote, lakini walipoangalia bakteria, wingi wao haukwenda sambamba na harufu, kwenye sufu walikuwepo wanaishi vizuri tu. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia merino inaua bakteria ama hajui anachouza ama anajua na hajali, na mimi huyu wangu nimeshaamua yuko upande gani.

Maana nikaipima. Nilipoigeuza nje ndani, kwenye mshono wa ubavuni ile lebo ndogo inayoandikwa mchanganyiko wa kitambaa ilikuwa imekatwa, kimebaki kisiki cha kitambaa cheupe tu. Shingoni ndio kumeandikwa MERINO kwa herufi kubwa. Nikakata kipande kidogo kwenye pindo la ndani, nikakitia kwenye bilauri yenye jiki ile ya kawaida ya nguo nyeupe bila kuongeza maji, dirisha wazi, glavu mkononi (na usije ukachanganya jiki na siki au dawa ya choo, ule moshi wake unaumiza mapafu vibaya). Jiki inayeyusha sufu. Sufu ya kweli inageuka njano, inatoa vipovu, inalegea, na ukiiacha inapotea kabisa ndani ya maji kama vile hukuweka kitu. Pamba na poliesta hazifanyi hivyo.

Changu kilitoa vipovu kidogo, nikaanza kujisikia vibaya kwamba nimemsingizia mtu. Nikasubiri. Vipovu vikaisha, na kitambaa kiko pale pale! Kimekuwa chepesi, kimekuwa kama chandarua, lakini umbo lote lipo. Nikakitoa kwa kijiti, nikakisuuza, kikakauka, nikakishika kwa koleo na kukisogezea kiberiti. Sufu ikiungua inanuka nywele zilizoungua, haitaki kushika moto, na majivu yake ukiyabana yanasagika. Hiki kilijikunja kikayeyuka, kikaacha kitone cheusi kigumu kama kichwa cha pini. Plastiki. Sufu ilikuwemo, sikatai, imewekwa kiasi cha kuifanya iwe laini ukiigusa na kupata ujasiri wa kuandika lile neno shingoni.

Hapa nitende haki kidogo, kubaki nyuzi peke yake si ushahidi wa wizi. Wapo watengenezaji waaminifu wanaoweka uzi mwembamba wa naironi katikati na kuuzungushia merino ili nguo isitoboke haraka, na wanaandika kwenye lebo. Hiyo ukiitia kwenye jiki inabaki kama utando wa buibui, ukiupuliza unaruka. Ikibaki nguo inayovalika, hapo umeibiwa. Nilimtumia picha za bilauri. Akajibu "kwani wewe ni TBS?" akaniblok.

Sasa mtu ataniuliza, haya, ukipata ya kweli, inafaa joto letu? Nilipokuwa naandika mwanzo nilitaka kusema ndiyo bila kupepesa, ila ngoja niwe mkweli kwa sababu nimekasirika na sitaki hasira ya muuzaji mmoja initoe kwenye kweli.

Kwanza uzito. Hizi nguo zinapimwa kwa gramu za kitambaa kwa mita ya mraba. Ya 250 ni ya baridi ya Norwei, usijaribu. Kwa joto tafuta 150 au chini ya hapo, na unene wa unyuzi usizidi maikroni 18 na kitu, ukizidi sana hapo inaanza kuchoma ngozi, na kuchomwa ukiwa unatoka jasho ni adhabu.

Joto kavu, nazungumzia Dodoma, Singida, kule jasho linakauka haraka, merino nyembamba ni raha tupu. Usiku wa Iringa au Lushoto ndio usiseme. Shida ni pwani. Dar mwezi wa pili wa tatu hewa yenyewe imeshajaa mvuke, jasho halina pa kwenda, na ile sufu inanyonya mpaka inashiba. Ikishashiba inalowa kama nguo nyingine yoyote, inakuwa nzito, inaning'inia, na kukauka inachelewa kuliko poliesta. Masika ukiitundika ndani usiku bila feni asubuhi unavaa unyevunyevu. Na kuna jambo jingine ambalo sijaona muuzaji akilisema, sufu inapovuta mvuke inatoa joto. Umekaa ofisini Posta kwenye kiyoyozi nguo imekauka kau, unatoka nje kwenye ule mvuke, kwa dakika chache za mwanzo unasikia mwili unapashwa kabisa. Inapita, lakini kwa mtu anayeingia na kutoka maduka yenye viyoyozi mchana kutwa kama mimi, inakera.

Na ufuaji wetu hauipendi. Kufikicha na maji ya moto kunaisinyaza, sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kuondoa madoa zinaila kwa kuwa yenyewe ni protini, jua kali linaifubaza na kuidhoofisha, na ukiiweka kabatini chafu nondo wanaifanya chujio. Mimi naifua kwa shampuu kidogo na maji baridi, naibana kwenye taulo bila kuikamua, naianika kivulini. Ukimpa dada wa kazi au dobi bila kumwelekeza, akitia jiki umeona kwenye bilauri kitakachotokea.

Kwa hiyo kwa mchana wa Dar, kwa kutembea juani, nachukua shati pana la pamba au kitani, lilowe, likauke, jioni nifue, yaishe. Nilitaka kuishia hapo. Lakini pamba nayo ifikapo jioni inanuka, si kama poliesta ila inanuka, na siku nina mkutano saa kumi baada ya kuzunguka tangu asubuhi, au nina basi la usiku kwenda Mbeya na sitaoga mpaka kesho, hakuna nguo nyingine naiamini. Nimeshamwandikia dada aniletee ingine akija likizo, nyembamba ya 150, na nimemwambia kabla hajalipa apige picha ya lebo ya ubavuni anitumie.