Tini nyeusi ya inchi tisa: uzoefu wangu, na jibu nililopewa dukani

Usinunue tini hii ya kuokea keki ukidhani utaitumia kama ile nyeupe ya aluminiamu uliyozoea. Nimeinunua majuzi hapa Nakuru, kwenye duka moja la vyombo katikati ya mji, na keki ya kwanza iliharibika yote. Pembeni ilikuwa na rangi ya kahawa iliyoungua, juu imefura na kupasuka kama kichuguu, na ukibonyeza katikati bado inacheza.

Nilipoirudisha, mhudumu hata hakuifungua mfuko. "Mama, tini haina makosa. Makosa ni ya mpishi." Akageuka kuhudumia mwingine. Bado naumia nikikumbuka, maana mtu anayeuza vyombo vya kuokea alipaswa kuniambia jambo moja tu kabla sijalipa: chombo cheusi kinavuta joto.

Kuta za oveni zinarusha joto kama jua. Tini inayong'aa inarudisha sehemu kubwa ya joto hilo, ile nyeusi inalimeza na kulipitisha moja kwa moja kwenye keki. Ukingo unaiva na kukauka mapema, kwa hiyo mchanganyiko wa katikati ambao bado ni maji hauna pa kwenda isipokuwa juu. Ndiyo sababu ya kile kichuguu na ule ufa. Ukiona hivyo, usikimbilie kulaumu hamira ya unga.

Dawa yake ni kupunguza joto nyuzi 15. Resipe ikisema 180, wewe weka 165. Jiko la gesi lenye namba badala ya nyuzi, shuka namba moja, kutoka 4 hadi 3. Na kama moto wa oveni yako unatoka chini, pandisha waya wa kuwekea tini ngazi moja juu, kwa sababu kitako cheusi ndicho kinaungua kwanza.

Lakini joto lilikuwa nusu tu ya tatizo. Resipe ilikuwa ya tini ya inchi nane, hii ni ya tisa, na inchi moja inaonekana ndogo mpaka upige hesabu. Nane mara nane ni 64, tisa mara tisa ni 81. Mchanganyiko uleule sasa umetandazwa kwenye eneo kubwa zaidi kwa robo nzima na kidogo, kwa hiyo uliokuwa na kina cha sentimita 4 unabaki na 3 na ushee. Keki nyembamba haingoji dakika 40. Kwenye tini hii, kwa nyuzi 165, anza kuchoma kijiti dakika ya 25. Ukitaka kimo kilekile cha zamani, ongeza vipimo vyote kwa robo: mayai 4 yawe 5, unga gramu 240 uwe 300, na sukari na siagi vivyo hivyo. Hapo muda unarudi karibu na ule wa kwanza, au unazidi kidogo, kwa kuwa katikati iko mbali zaidi na ukingo.

Mhudumu yuleyule alikubali mwishowe kubadilisha, lakini kwa bakuli la kioo tu. Nilikataa. Kioo kina tabia yake: kinachelewa kupata moto, dakika za mwanzo utadhani oveni imezimika, kisha kikishapata hakiachi. Kinahitaji nyuzi 15 pungufu vilevile, ila muda unaongezeka, dakika 10 hivi. Na ukikitoa, keki inaendelea kuiva ndani yake mezani. Toa bakuli ovenini wakati kijiti bado kinatoka na chembe zenye unyevu, la sivyo kitako kitakuwa kikavu. Usikiweke kwenye sinki lenye maji, kitapasuka.

Kwa hiyo nimebaki na tini yangu nyeusi, na hapa lazima niseme ukweli hata kama unanikera. Kwa nyuzi 165, na kitambaa cha taulo kilicholowa na kukamuliwa kikazungushwa nje ya ukingo, imetoa keki iliyo bapa juu, rangi ya asali pande zote, imeachia bila kung'ang'ana. Kwa mkate wa ndizi, ambao nautaka uwe na ganda la kahawia, inaishinda ile nyeupe. Kwa keki nyeupe ya kupamba, bado nachukua aluminiamu.

Tini naipa nyota nne. Duka silipi hata moja, na sitarudi.