Mkataba wa mkopo: kusoma wote au kusachi maneno?

Hili swali haliishi kwa sisi wa akaunti: benki imeleta mkataba wa kurasa 60, unataka tarehe na masharti yote yaingie kwenye kalenda, sasa unausoma mwanzo mwisho au unapiga Ctrl+F ya "ndani ya siku"?

Kwa muda, kusachi kunashinda wazi, nusu saa una marejesho, ripoti za robo mwaka na bima. Shida ni uhakika. Chukua rejesho la 31 Mei 2026, ni Jumapili. Kusachi kutakupa hiyo tarehe basi, ila kule mbele kwenye tafsiri ya maneno mikataba mingi inasema siku isiyo ya kazi inasogea mbele, isipokuwa ikivuka mwezi ndo inarudi nyuma, kwahiyo hela inatakiwa Ijumaa tarehe 29. Ukilipa Jumatatu umechelewa. Na sharti kama "usikope kwingine bila ridhaa" halina tarehe kabisa, huwezi kulinasa kwa kusachi siku, mi naliwekea kikumbusho kila mwezi.

Kwenye kutunza kalenda, kusachi kunarudi juu kidogo, maana yakija marekebisho ya mkataba unafuata namba ya kifungu tu, ilimradi uliiandika pembeni ya kila tarehe.

Mkopo mdogo wa fomu ya kurasa nne, sachi tu. Wa dhamana na uwiano wa madeni, jifungie siku nzima usome.