Wiki ya bure iliyozaa makato ya kila mwezi: uzoefu wangu na programu ya kuhariri picha

Ninaendesha nyumba ya wageni yenye vyumba vichache huko Shela, Lamu, na wageni wengi huamua kuja kwangu kwa kuangalia picha tu. Programu ninayoizungumzia hapa, ambayo sitaitaja jina, inaijua kazi yake. Vyumba vyetu vya zamani vina kuta nene za mawe ya matumbawe na madirisha madogo, kwa hiyo ukipiga picha mchana, ama chumba kinakuwa giza au dirisha linakuwa jeupe tupu. Programu hii huinua mwanga wa ndani na kuacha dirisha lilivyo, na kwa upande huo sina malalamiko. Malalamiko yangu yako kwenye malipo.

Mtoto wa ndugu yangu, anayenisaidia kupokea wageni, ndiye aliyeiweka kwenye simu ya kazi mwezi Desemba, wakati nyumba imejaa. Ukurasa wa kwanza una kitufe kikubwa kinachoahidi wiki moja ya bure, na chini yake kuna mstari wa maandishi ya kijivu, madogo sana, unaosema kwamba baada ya hapo utatozwa KSh 650 kila mwezi mpaka usitishe. Ili kuianza hiyo wiki ya bure ni lazima uweke njia ya kulipa, naye akaweka kadi ya GlobalPay, ile kadi ya Visa isiyoshikika inayochota moja kwa moja kutoka kwenye M-Pesa ya nyumba. Picha zikatengenezwa, zikapandishwa, kisha programu ikafutwa kwenye simu kabla wiki haijaisha.

Wakati wa kaskazi, kato la KSh 650 halionekani. Pesa za wageni zinaingia, za samaki, dobi na nahodha wa boti zinatoka, na jumbe za M-Pesa zinasukumana. Lilionekana mwezi Mei, kusi limeshika na mvua inanyesha, wakati siku nzima inaweza kupita bila muamala wowote isipokuwa huo mmoja. Jina lililoandikwa lilinichanganya, kwa sababu lilianza na GOOGLE na kinyota, halafu likafuata neno nisilowahi kulisikia. Hapa pana jambo linalofaa kujulikana: kwa manunuzi ya Play Store, kinachoandikwa kwenye kadi mara nyingi ni jina la kampuni iliyotengeneza programu, wala si jina la programu yenyewe. Kwa hiyo usitafute jina unalolijua. Tafuta kiasi kilekile kinachorudi karibu na tarehe ileile. Niliomba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, na mara tu nilipolifuata neno hilo kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, mpangilio wake ukajitokeza wazi.

Nilipomuuliza kijana, alishangaa kweli. “Ami, hiyo si niliifuta kitambo?” Wengi wanaamini hivyo, na ndipo kero yote inapoanzia. Kuifuta programu kunaondoa faili kwenye simu, lakini usajili haukai kwenye simu. Unakaa kwenye akaunti ya Google iliyotumika siku ya kujiunga, na akaunti hiyo itaendelea kulipa hata simu ikiangukia baharini.

Tukafungua Play Store, tukagusa picha ya akaunti iliyo juu upande wa kulia, tukaingia “Payments & subscriptions”, kisha “Subscriptions”. Hakukuwa na kitu. Nadhani watu wengi hukata tamaa hapo na kuhisi wameibiwa na mtu asiyejulikana. Sababu ilikuwa nyepesi: simu ile ilikuwa na akaunti mbili, moja ya nyumba na nyingine iliyofunguliwa na muuzaji wa duka la simu siku tulipoinunua, ili tu simu iweze kuwaka na kupakua programu. Orodha ya usajili huonyesha akaunti moja tu, ile iliyochaguliwa wakati huo. Tulipogusa tena ile picha na kuhamia akaunti ya dukani, usajili ulikuwa hapo, ukiwa na tarehe ya kato linalofuata. Barua pepe za risiti nazo zilikuwa zikitumwa kila mwezi kwenye anwani hiyo, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuifungua. Bahati yetu ni kwamba akaunti ilikuwa bado imo kwenye simu. Kama ingekuwa imeondolewa na nywila haijulikani, ingebidi kwanza kuirejesha.

Kusitisha kwenyewe hakukuwa na taabu: unagusa jina la programu, unachagua “Cancel subscription”, unaulizwa sababu, unathibitisha. Ishara kwamba kazi imekamilika ni kuona tarehe ya kuisha mahali palipokuwa na tarehe ya kutozwa, pamoja na barua pepe ya kuthibitisha. Usipoiona tarehe hiyo, hujasitisha.

Kijana alipendekeza kuzima kadi badala ya kuhangaika na akaunti, nami nikakataa. Kadi ikikataa, Google hujaribu tena kwa siku kadhaa, na usajili unaweza kubaki ukisubiri malipo. Ukiifungua kadi wiki hiyo ili ulipie kitu kingine, kato la zamani linaweza kupita. Kuzima kadi ni kinga nzuri unapokuwa umepoteza akaunti, si njia ya kujitoa.

Kuhusu kurudishiwa, sikupata kitu. Google hupokea ombi la kurejeshewa fedha ndani ya saa 48 tangu malipo. Baada ya hapo hukuelekeza kwa mtengenezaji. Niliwaandikia nikaeleza kwamba programu haikuwa kwenye simu yoyote. Jibu lao la heshima lilikuwa kwamba masharti yalikubaliwa Desemba, basi. Kisheria huenda wana hoja, lakini kampuni inayoona kwamba mteja hajaifungua programu kwa miezi mitano na bado inachukua pesa yake, mimi siihesabu miongoni mwa waungwana.

Niongeze kwamba njia hii inahusu tu vilivyonunuliwa kupitia Play Store. Huduma uliyojiunga nayo kwenye tovuti yake, kwa kuandika namba za kadi, haitaonekana kwenye orodha hiyo kabisa; hiyo hufungwa ndani ya akaunti yako kwenye tovuti yenyewe. Na zile jumbe za vichekesho au matokeo ya mpira zinazokula salio la Safaricom ziko kando pia: piga *456*20# uone ulizosajiliwa, kisha uzisitishe hapohapo.

Programu naipa nyota nne kwa picha na moja kwa malipo. Bado ninaitumia, ila sasa iko kwenye akaunti ya nyumba, ambayo barua zake ninazisoma. Msimu unapokaribia, hulipia mwezi mmoja na kusitisha saa hiyohiyo, kwa kuwa ukisitisha mapema unaendelea kuitumia hadi mwisho wa muda uliolipia, na wiki ya bure nayo ni hivyohivyo. Anayetaka kungoja siku ya mwisho ajue kwamba kato linaweza kufanyika hadi saa 24 kabla ya muda mpya kuanza, kwa hiyo asitishe angalau siku mbili kabla.