Foleni na watoto: uimbe mwenyewe au uwashe nyimbo za simu?

Jioni Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, kutoka Posta hadi Mbezi, gari likisimama Ubungo watoto huanza kupiga teke viti. Wazazi wengi hukimbilia simu. Kwa gharama, simu inakula bando na chaji, ingawa ukipakua nyimbo nyumbani tatizo la bando linaisha. Sauti yako ni bure, ila inakauka.

Tofauti kubwa iko kwenye mwendo wa wimbo. Mtoto anayelia kwa hasira hatulizwi na bembelezi, haisikii hata. Anza na wimbo wa kuitikiana wenye makofi, kwa kasi inayolingana na fujo yake, ukitaja jina lake na daladala anazoziona. Akishaanza kuitikia, punguza kasi kidogo kila ubeti, shusha na sauti, kisha ingiza bembelezi. Ukiona makofi yamelegea, usirudi kwenye ule wa mwanzo. Simu haiwezi kumfuata hivyo: wimbo mpole ukiisha, unaofuata unaweza kuwa wa ngoma nzito, na mdogo aliyeanza kusinzia anaamka.

Lakini wa miaka sita huchoka haraka na nyimbo za mama. Yeye simu inamfaa, mradi aisikilize tu; akiiona skrini ataidai.

Ukiwa dereva peke yako, imba, au panga orodha kabla ya kuondoka, maana kuchaguachagua simu huku foleni inasogea ni hatari. Mkiwa wawili, abiria aimbe na mdogo, mkubwa asikilize nyimbo za simu.