Kisa kinzani au kumbukumbu za ukaguzi?

Katika utafiti wa kimaelezo, njia hizi mbili hutumika kuyafanya matokeo yaaminike. Tuseme umewahoji akina mama waliojifungulia nyumbani, na dhamira inayojitokeza ni umbali wa zahanati. Kisha unampata mama anayeishi jirani kabisa na zahanati, naye alibaki nyumbani kwa kuogopa matusi ya wauguzi. Uchambuzi wa kisa kinzani, yaani kisa kisicholingana na dhamira uliyoiona, unakulazimisha urudi kwenye mahojiano yote, uitafute hofu hiyo hata kwa wanaoishi mbali, kisha uliandike dai lako upya.

Kumbukumbu za ukaguzi, yaani rekodi ya hatua na maamuzi ya utafiti, hazigusi dai. Zinaonyesha tarehe, toleo la orodha ya misimbo unayoipa vipande vya mahojiano, na sababu ya badiliko, ili mtu wa nje aweze kulifuatilia. Zinaweza kuwa nadhifu huku uchambuzi ukiwa dhaifu. Muda ukiwa mfupi, ningeanza na kisa kinzani, ila badiliko ningeliandika siku hiyohiyo.