Mche wa mwembe au mparachichi: upi ununue, upi uache

Nyuma ya nyumba yetu Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, kuna mparachichi niliouotesha mwenyewe mwaka 2014. Parachichi lililonipa kokwa lile lilikuwa tamu hata nililificha watoto wasilione. Mti ukatoa maua kwa mara ya kwanza 2022. Matunda ya mwanzo yalikuwa madogo kama malimau, kokwa limejaa tumbo zima, na nyama kidogo iliyobaki ni ya nyuzi. Miaka minane kusubiri, halafu unakamua kijiko kimoja cha parachichi kwa tunda zima.

Kosa halikuwa la udongo wala la samadi. Mparachichi hauzai mtoto anayefanana naye kwa mbegu. Kila ua lake hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, likafunga, kisha likafunguka tena likiwa dume. Kwa hiyo chavua mara nyingi hutoka kwenye mti mwingine, na kokwa unalolitupa jalalani ni mchanganyiko wa wazazi wawili ambao wenyewe walikuwa machotara. Anaweza kutoka mtoto bora kuliko mama. Ile Hass inayouzwa dunia nzima ilitoka hivyohivyo: ilikuwa mche wa mbegu kwa Rudolph Hass, mtu wa posta huko Kalifonia, aliyejaribu kuubebesha, yaani kuupachikia tawi la mti mwingine, akashindwa, nusura aukate. Aliisajili 1935, na kila mti wa Hass unaouona leo umetokana na mti ule mmoja kwa njia ya kubebesha, kamwe si kwa kupanda kokwa. Ukitaka kucheza bahati nasibu ya namna hiyo, cheza ukiwa na shamba kubwa. Mwenye uwanja wa miti mitatu haimfai.

Kwa hiyo mimi nikienda kitaluni, cha kwanza kwenye orodha yangu ni mche uliobebeshwa, ambao muuzaji anajua kikonyo kimetoka mti gani. Watu wa Muheza hawahitaji somo hapa, maana michungwa yao wamekuwa wakiibebesha miaka na miaka. Kikonyo ni kipande cha tawi, unene wa penseli, kinachokatwa kwenye mti uliokwisha kuzaa. Fundi mzuri wa miembe huondoa majani ya tawi hilo wiki moja hivi kabla ya kulikata, ili macho yaanze kuvimba. Hapo kuna siri ya muda: ncha ya tawi la mti mkubwa haisahau umri wake. Ukiipachika juu ya shina changa, inaendelea kuwa mtu mzima, na mwembe wake huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mche wa mbegu lazima upitie utoto wote kwanza, miaka mitano, minane, na mparachichi wakati mwingine zaidi ya kumi, ukirefuka tu kwenda juu kama mnazi. Ndiyo maana unaweza kuona mche wa embe uliobebeshwa unatoa maua ukiwa bado kwenye kiriba. Usifurahi sana. Yaondoe hayo maua, mti ujenge mwili kwanza.

Mara ya mwisho nilipokwenda kitaluni Muheza nilimuuliza mzee mwenye kitalu, baada ya shikamoo, kikonyo cha miche yake ya dodo kakitoa wapi. Akanishika mkono, tukazunguka nyuma ya banda, akanionyesha mwembe wenyewe, matawi yamekatwa ncha. "Huu hapa mama yao, mwanangu. Msimu wa maembe njoo uonje kabla hujalipa." Huyo nilimwachia hela yangu. Mche wa kubebesha ulikuwa shilingi 5,000, wa mbegu 1,000, na sikuona tofauti hiyo kuwa kubwa kwa miaka minne ya kusubiri.

Kabla hujalipa, inama. Kiungo, pale kikonyo kilipopachikwa, kiwe juu ya udongo kwa kiasi cha shubiri moja, na lionekane kovu la kweli: gome la chini na la juu hutofautiana rangi au unene, na mara nyingi pana kipindo kidogo. Omba tepe inayofunga kiungo ifunguliwe. Nimewahi kukuta kitalu ambacho tepe imezungushiwa mche mzima usio na jeraha lolote, na huo ndio mche mbaya kuliko yote sokoni, kwa sababu unalipa bei ya kubebesha kwa mche wa mbegu. Hakikisha pia majani yote unayoyaona yanatoka juu ya kovu. Kama juu kumekauka na chini kumechipua, ulichonacho ni shina la chini tu. Na mche uwe umekwisha kutoa majani angalau mara mbili tangu ubebeshwe, yamekomaa na kuwa kijani kibichi kilichokolea. Wenye majani mekundu laini bado ni mgonjwa anayetoka hospitali.

Cha pili, na wengi hawakifikirii: panda kokwa mahali pake pa kudumu, kisha umwite fundi abebeshe hapohapo shina likifika unene wa penseli. Mzizi mkuu hushuka wima bila kujikunja ndani ya kiriba, jambo linalosaidia kwenye kiangazi chetu cha Januari na Februari. Ila unamtegemea fundi, na jicho likikataa unarudia msimu mwingine. Mparachichi wangu wa 2014 nimeupa njia hiihii: nimeukata kwa kimo cha kiuno, machipukizi yakatoka, fundi akabebesha mawili na mengine tukayang'oa.

Cha tatu ni mwembe wa mbegu, lakini si wa kila embe. Baada ya kula, liache kokwa likauke siku moja, lipasue kwa uangalifu kwa kisu butu na utoe kile kinachofanana na harage kubwa ndani. Likigawanyika vipande viwili tu, ni kiinitete kimoja, chotara, achana nalo. Likiwa limejikata vipandevipande, vingi kuliko viwili, kuna viinitete kadhaa, na karibu vyote ni nakala ya mama yao, havina baba. Kokwa la namna hiyo hutoa miche zaidi ya mmoja. Bakiza wenye nguvu na unaofanana na wenzake. Tunda litakuwa la mama. Muda wa kusubiri ni uleule wa mbegu, kwa hiyo ninaupendekeza kwa mwenye eneo kubwa na fedha kidogo, au anayetaka mashina ya chini yanayolingana.

Cha mwisho ni mparachichi wa mbegu. Kama ulishapewa bure, panda kwa ajili ya kivuli, ukijua hilo ndilo ulilolipata.

Jambo moja kuhusu parachichi hapa kwetu: kubebeshwa peke yake hakutoshi. Hass inapenda baridi ya Lushoto, na ukiileta Pongwe au Pangani, kovu lake liwe zuri vipi, matunda yatakuwa haba na madogo. Pwani muulize mwenye kitalu parachichi la nchi ya joto, lenye kikonyo kutoka mti unaozaa hapahapa pwani. Akikujibu kwamba parachichi ni parachichi tu, rudisha mche chini. Ukiupata unaofaa, mpe mahali pasipotuama maji, maana mizizi ya mparachichi huoza upesi, na upande masika yakianza.