Uzoefu wangu na modeli ya kulipia kwa tokeni: bili na kikomo cha dakika

Programu yetu hujibu wateja wa duka la vipuri vya pikipiki, na majibu yanaandikwa na modeli kubwa ya lugha iliyo kwenye seva za kampuni ya nje. Kiswahili chake kinaniridhisha. Maandishi huhesabiwa kwa tokeni, yaani maneno au vipande vya maneno: bei ni dola 3 kwa kila tokeni milioni 1 tunazotuma na dola 15 kwa milioni 1 inazoandika yenyewe. Ukiitazama bei hiyo utaona majibu ndiyo ghali, lakini kwetu pesa nyingi zilikwenda kwenye tunachotuma.

Modeli haikumbuki mazungumzo. Mteja akiuliza tena, programu inatuma upya maelekezo yote ya duka na kila kilichosemwa tangu mwanzo. Maelekezo yetu yalikuwa tokeni 1,200, swali kama 60, jibu kama 140. Mteja akiuliza mara 10, tunakuwa tumetuma tokeni 21,600 na kupokea 1,400 tu. Hiyo ni takriban senti 6.5 za kutuma na senti 2.1 za majibu. Kiswahili nacho kinaongeza hesabu, maana neno refu kama "hatujakuletea" hukatwa vipande kadhaa, na kila kipande ni tokeni.

Kikomo ndicho kilichonisumbua zaidi. Kila programu inapotuma swali la mteja, hilo ni ombi moja. Mpango wetu unaruhusu maombi 50 kwa dakika, na ukurasa wa bei unaitangaza namba hiyo kwa maandishi makubwa. Kikomo cha tokeni 30,000 za kutuma kwa dakika kimeandikwa chini kabisa, na hicho ndicho kinachotangulia kufika: kwa wastani wa tokeni 2,160 kwa ombi, ombi la 14 tayari linakataliwa. Wateja wakimiminika Jumamosi asubuhi, tulikuwa tunapokea ujumbe huu wa kukataliwa:

```
HTTP/1.1 429 Too Many Requests
retry-after: 20
```

Namba hiyo ya mwisho ni sekunde za kusubiri, na inafaa kuitii. Sisi tunaongeza sekunde chache za bahati nasibu juu yake, la sivyo maombi yote yaliyokwama yanarudi kwa mpigo na kukataliwa tena.

Kilichotusaidia hasa ni kupunguza mzigo wenyewe. Maelekezo tumeyafupisha hadi tokeni 500, na tunatuma maswali mawili ya nyuma tu na majibu yake. Mazungumzo yale yale ya maswali 10 sasa yanatuma tokeni 9,000, na gharama yote imeshuka kutoka senti 8.6 hadi 4.8. Wastani ukiwa tokeni 900 kwa ombi, yanapita maombi 33 kwa dakika. Hasara yake ipo: mteja aliyetaja aina ya pikipiki mwanzoni kabisa huulizwa tena baadaye. Kwa hiyo aina ya pikipiki tunaihifadhi kwenye hifadhidata yetu na kuituma kwa mstari mmoja.

Huduma nitaendelea nayo. Ila kwa anayetaka kujiunga: soma `usage`, yaani hesabu ya tokeni zilizotumika, kwenye kila jibu tangu siku ya kwanza, na ukilinganisha kampuni, anza na kikomo cha tokeni kwa dakika kabla ya bei.